Hina haiwi nyeusi kwa nusu saa

Siku mbili kabla ya Idi, binti wa dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 16, alipakwa hina mikono yote miwili nyumbani kwao Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala ambako Wanubi wengi huishi na ambako sikukuu au harusi isiyo na hina huonekana kuwa na pengo. Mchoraji alikuja magharibi na bakuli lake, akachora maua nyuma ya viganja na mashina yake yakapanda hadi karibu na viwiko. Rojo lilikauka kwa muda wa nusu saa hivi, na lilipobanduliwa michoro ilikuwa tayari myeusi kama masizi ya sufuria. Dada aliuliza kama ile ilikuwa hina kweli. Mchoraji akamjibu kwa upole, "Dada, ni hina, nimeitia dawa ya kuikoleza tu."

Mchana wa Idi mikono ilianza kuwasha. Usiku ule mistari ilivimba, na asubuhi iliyofuata malengelenge yalikuwa yamejipanga juu ya kila ua na kila shina, huku ngozi iliyobaki kati ya mistari ikiwa nzima kabisa, kana kwamba mtu ameichora upya michoro ile kwa maji ya moto. Mimi nilipofika, dada alikuwa ameshaituhumu sabuni mpya, kisha samaki wa sikukuu, na nilipoitaja hina alikataa katakata. "Mdogo wangu, haiwezi kuwa hina," aliniambia. "Mwaka juzi alipakwa na mchoraji huyu huyu, weusi ule ule, na hakuna kilichomtokea."

Jibu lake lilikuwa la busara, na takriban kila mzazi angelitoa. Hata hivyo, ndani yake mna makosa mawili yanayofanya madhara haya yajirudie nyumba hadi nyumba: kosa la kuamini kwamba kila kinachoitwa hina ni hina, na kosa la kuamini kwamba kitu kilichopita salama mara ya kwanza kimethibitika kuwa salama. Yote mawili huondoka mtu akielewa jambo moja, nalo ni muda ambao kila rangi huhitaji ili ifanye kazi yake.

Hina ya asili ni majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa. Ndani ya majani hayo mna kiasi kidogo cha kemikali yenye rangi ya chungwa iitwayo losoni, kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa majani makavu. Losoni haiko tayari kupaka rangi mara tu unga unapokutana na maji. Lazima itoke kwanza ndani ya chembe za jani, na kazi hiyo huchukua saa nyingi. Ndiyo maana bibi zetu walikanda hina jioni na kuipaka kesho yake. Kwa gramu 100 za unga uliochekechwa vizuri, mtu hutia maji ya vuguvugu au maji ya ndimu kidogo kidogo hadi rojo liwe zito kama mtindi, akalifunika na kuliacha kati ya saa 6 na 12, kutegemea joto la chumba. Dalili kwamba liko tayari ni kwamba sehemu ya juu iliyogusana na hewa hugeuka kahawia huku ndani likibaki kijani. Ukiweka tone dogo kwenye kiganja kwa dakika tano na kulifuta, litaacha doa la rangi ya chungwa.

Rojo likishapakwa, losoni huingia polepole katika tabaka la juu kabisa la ngozi, ambalo ni chembe zilizokwisha kufa, na hujifunga kwenye protini ya keratini iliyomo humo. Keratini ndiyo hiyo hiyo inayojenga nywele na kucha, na ndiyo sababu mmea mmoja hupaka vyote vitatu. Rojo likiachwa saa 4 hadi 8 kisha likakwanguliwa bila kuoshwa, michoro huonekana ya rangi ya chungwa tu, na wengi wasioizoea hukata tamaa hapo. Lakini rangi huendelea kukomaa kwa kukutana na hewa, na kufikia siku ya pili huwa nyekundu iliyoiva au kahawia. Kwenye viganja na nyayo, ambako tabaka hilo la chembe zilizokufa ni nene, hukolea zaidi. Nyuma ya mkono na kwenye kigasha, ambako tabaka ni jembamba, hubaki hafifu. Baada ya wiki moja hadi tatu ngozi ile hupukutika na kuondoka na rangi yake.

Sasa irejelewe mikono ya yule binti. Michoro ilikuwa myeusi baada ya nusu saa, na weusi ulikuwa sawasawa kuanzia vidole hadi karibu na viwiko. Hakuna losoni inayoweza kufanya hivyo. Huwezi kuikoleza hina ya asili kwa ndimu, sukari, chai wala karafuu ikawa nyeusi kama masizi, na huwezi kuiharakisha ikamaliza kazi ya siku mbili kwa nusu saa. Kilichofanya kazi pale ni kitu kingine, na hina ya kijani, ikiwa ilikuwamo hata chembe, ilikuwa imebeba jina tu.

Kitu hicho kingine kwa kawaida ni rangi ya kemikali ya nywele, iitwayo parafenilenediamini, ambayo kwa kifupi hujulikana kama PPD. Watu wa pwani ya Kenya na Zanzibar huiita piko wanapoipaka mwilini, na angalau jina hilo huitofautisha na hina. Kwetu Uganda wengi husema tu hina nyeusi, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Huuzwa kama unga katika pakiti au kikopo kidogo cha kupaka mvi, na mchoraji huukoroga na maji au huuchanganya na hina. PPD yenyewe haina weusi. Huwa nyeusi inapokutana na oksijeni, na badiliko hilo hutokea kwa dakika, si kwa siku. Wapo pia wanaotia petroli au mafuta ya taa ili rojo lipenye upesi, na mchanganyiko huo huwasha na kuunguza ngozi kwa namna yake hata pasipo mzio wowote.

Katika kupaka nywele, PPD ni kemikali halali katika nchi nyingi, kwa masharti. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, umeweka kikomo cha asilimia 2 katika mchanganyiko unaofika kichwani, hauruhusu itumike kuchora ngozi, na huvitaka viwanda viandike kwenye boksi kwamba rangi hiyo si ya watu walio chini ya miaka 16 na kwamba michoro ya hina nyeusi huongeza hatari ya mzio. Mchoraji hapimi asilimia yoyote. Katika sampuli za hina nyeusi zilizopelekwa maabara katika nchi mbalimbali kumewahi kupatikana PPD zaidi ya asilimia 10. Tena, mtu anayepaka nywele huosha baada ya nusu saa hivi, na rangi hugusa zaidi unywele kuliko ngozi. Michoro hukaa moja kwa moja juu ya ngozi, mara nyingi kwa muda mrefu zaidi, bila ile dawa ya pili ya kwenye boksi ambayo huikamilisha rangi haraka na kupunguza mabaki yake.

Hapa ndipo linapoingia jibu la swali la dada yangu kuhusu mwaka juzi. Chembe ya PPD ni ndogo sana, kwa hiyo haikomei katika tabaka lililokufa, bali hupenya hadi kwenye ngozi iliyo hai na kujibandika kwenye protini za mwili. Protini iliyobandikwa kitu kigeni huonekana na askari wa ngozi kama mvamizi. Askari hao huibeba habari hiyo hadi kwenye tezi za limfu, na huko chembe nyeupe za damu hujifunza kumtambua mvamizi huyo na kumkumbuka. Mafunzo hayo huchukua takriban siku 10 hadi 14, na kwa muda huo rangi iliyopakwa imeanza kufifia, ngozi imetulia, na mwenye mkono hahisi lolote. Wengine huona vipele vidogo wiki ya pili na kudhani ni joto. Kwa hiyo ule mwaka juzi uliopita salama haukuwa ushahidi kwamba rangi haina madhara. Yaelekea ndio mwaka ambao mwili wa mtoto ulifundishwa kuichukia. Si kila anayepakwa hujifunza hivyo, na wapo wanaopakwa mara nyingi bila tatizo, lakini hakuna njia ya kujua mapema ni nani.

Mara ya pili mafunzo hayahitajiki tena. Chembe nyeupe zinazokumbuka hukusanyika mahali rangi ilipo, na mapambano huonekana baada ya saa 24 hadi 72. Kuchelewa huku kwa siku moja, mbili au tatu ndiko kunakowapotosha watu, kwa sababu kati ya kupakwa na kuwashwa mtu ameshakula, ameoga, amevaa nguo mpya na amesafiri, na kila kimoja kati ya hivyo huwa mtuhumiwa. Dalili isiyodanganya ni umbo. Mzio wa samaki hautokei kwa umbo la ua. Vipele vikifuata mistari ya mchoraji, huku ngozi kati ya mistari ikiwa nzima, basi kilichosababisha kilikuwa ndani ya rojo.

Matibabu ya yule binti yalichelewa kwa siku tatu, kwa sababu duka la dawa la kwanza lilimpa krimu ya fangasi, na jirani mmoja akashauri mikono isuguliwe kwa Jiki ili weusi utoke. Nilishukuru kwamba ushauri huo haukufuatwa. Rangi iliyokwisha kujifunga haitoki kwa kusuguliwa, na dawa ya kung'arishia nguo juu ya ngozi iliyobabuka huongeza jeraha la kemikali juu ya mzio. Mwuguzi aliyemwona baadaye alifanya mambo machache. Aliosha mikono kwa maji baridi na sabuni isiyo na manukato, akaagiza kitambaa safi kilicholowa maji baridi kiwekwe juu ya malengelenge kwa dakika 15 mara kadhaa kwa siku, akakataza yasipasuliwe, na akampa krimu ya steroidi yenye nguvu ya kupaka mara mbili kwa siku pamoja na vidonge vya kupunguza muwasho ili alale. Alieleza pia kwamba usaha, ngozi inayozidi kuwa ya moto au homa vingekuwa ishara ya vijidudu kuingia, na hapo ndipo dawa ya kuua vijidudu ingehitajika. Krimu hiyo ya steroidi inafaa itolewe na mhudumu wa afya kwa siku alizozitaja, kwa maana ndiyo hiyo hiyo ambayo watu huitumia vibaya kujichubua uso, na ikitumika ovyo huikondesha ngozi.

Baada ya wiki tatu malengelenge yalikuwa yamekauka, lakini maua yalibaki mikononi kwa rangi nyingine. Ngozi nyeusi inapopona kutokana na uvimbe huweza kupoteza rangi au kuizidisha, na kwake mistari iligeuka myeupe na kuonekana kwa miezi mingi. Wengine hubakiwa na makovu yaliyoinuka, hasa wenye ngozi ya kuota makovu hayo.

Mistari hufifia, kumbukumbu ya mwili haifutiki. Miezi saba baadaye, akijiandaa kwa mahafali ya shule, binti yule alikwenda saluni akapakwa nywele rangi nyeusi ya kawaida kutoka kwenye boksi lililofungwa vizuri, kazi iliyofanywa kwa usafi na kwa kufuata maelekezo. Baada ya siku mbili ngozi ya kichwa ilikuwa ikitoa majimaji, masikio yalikuwa yamevimba, na kope zilikuwa zimefura hata hakuweza kufungua macho. Mtu wa saluni hakuwa na kosa. Aliyemwandaa kwa tukio lile ni aliyemchora maua. Safari hii ilibidi daktari ampe vidonge vya steroidi kwa siku kadhaa, na akaeleza kwamba uvimbe unaofika kwenye midomo, ulimi au koo, au unaoambatana na kupumua kwa shida, haungojwi hadi asubuhi.

Mzio huo pia hauishii kwenye PPD peke yake, kwa sababu zipo kemikali zinazofanana nayo kiumbo, na chembe nyeupe huweza kuzichanganya. Miongoni mwake ni baadhi ya rangi za vitambaa vyeusi na vya buluu iliyoiva, dawa ya ganzi ya kupaka iitwayo benzokeni, na kemikali fulani inayotiwa katika mpira mweusi. Si kila mwenye mzio wa PPD atadhurika na vyote hivyo. Daktari wa ngozi huweza kuthibitisha kwa kipimo cha kubandika, ambapo kiasi kidogo cha PPD kilichopimwa huwekwa mgongoni kwa siku mbili, kisha ngozi husomwa siku ya pili na tena kama siku ya nne. Kipimo hicho kisiigwe nyumbani kwa kujipaka tone la rojo jeusi ili kuona kama litadhuru. Tone hilo, kwa mtu ambaye mwili wake haujajifunza, linaweza kuwa ndilo somo la kwanza, na kutulia kwake baada ya siku mbili hakuthibitishi lolote.

Kwa upande wa nywele, swali huwa tofauti kidogo, kwa sababu wanaotafuta weusi wana haja halisi ya kuficha mvi, na hina peke yake haiwapi. Hina tupu juu ya mvi hutoa rangi ya shaba, na juu ya nywele nyeusi huacha wekundu unaoonekana juani tu. Weusi wa mimea hupatikana kwa hatua mbili. Kwanza hupakwa hina na kuachwa saa mbili hadi nne, kisha ikishaoshwa hupakwa unga wa majani ya nila. Nila hukorogwa na maji na chumvi kidogo na kuachwa dakika 10 hadi 15 tu kabla ya kupakwa, kwa kuwa nguvu yake hupotea upesi, halafu hukaa kichwani saa moja au mbili. Rangi inayotokea huwa na ukijani mwanzoni na hukomaa kuwa nyeusi kwa siku moja au mbili. Pakiti inayoitwa hina nyeusi na kuahidi weusi wa mvi kwa dakika 20 kwa hatua moja haiwezi kuwa na hina na nila peke yake. Igeuzwe na kusomwa viambato: jina la parafenilenediamini kwa tahajia ya Kiingereza huanza na herufi p na kistari, au huandikwa PPD, au CI 76060. Pakiti isiyoorodhesha viambato isihesabiwe kuwa haina PPD.

Koni zilizojazwa tayari zinahitaji jicho hilo hilo. Rojo halisi la hina huharibika. Likikaa siku chache katika joto la kawaida nguvu yake hupungua sana, na wachoraji makini hulihifadhi kwenye friza. Koni iliyokaa rafuni kwa miezi na bado inapaka rangi nzito kwa dakika chache ina kitu kisichotoka kwenye mhina. Harufu nayo husaidia, kwa sababu hina hunukia kama nyasi kavu zilizolowa, hata ikitiwa mafuta ya mrehani au mchaichai, na harufu ya petroli au ya dawa ya nywele haina mahali humo.

Itakuwa si haki, baada ya haya yote, kuacha ionekane kwamba hina ya asili haimdhuru yeyote. Mzio wake ni nadra, lakini kuna kundi moja ambalo kwetu Uganda lazima litajwe. Baadhi ya watu huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho huzilinda chembe nyekundu za damu, na upungufu huo hupatikana zaidi katika nchi ambazo malaria imekuwapo kwa vizazi vingi. Losoni ikiingia katika damu ya mtu wa namna hiyo huweza kuzivunja chembe hizo. Kwa mtu mzima aliyepakwa viganja kiasi kinachopenya huwa kidogo, lakini mtoto mchanga ana ngozi nyororo na mwili mdogo, na madaktari wameandika visa vya watoto waliopata manjano kali na upungufu mkubwa wa damu baada ya kupakwa hina mwilini. Palipo na desturi ya kumpaka mtoto mchanga, hina ya kijani safi nayo isimguse. Mtoto aliyepakwa, kisha macho yakawa ya njano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, au akalegea na kukataa kunyonya, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na wahudumu waambiwe kwamba alipakwa hina, kwani hawatakisia.

Na unga wenyewe wa PPD uwekwe mbali na watoto na mbali na vyombo vya jikoni. Kumezwa kwake ni hatari ya aina nyingine kabisa. Nchini Sudan, ambako pamoja na Sudan Kusini ya leo ndiko walikotoka mababu wa Wanubi wetu wengi, na ambako unga huo umezoeleka kuchanganywa na hina, madaktari wameeleza wagonjwa waliovimba koo hadi kushindwa kupumua na, kwa baadhi ya wale waliookoka, figo zao zikasimama kufanya kazi.

Binti wa dada yangu sasa hubeba kadi ndogo ndani ya pochi yake, aliyoandikiwa na daktari. Ina maneno matatu: PPD, benzokeni, rangi za nywele. Huionyesha kabla ya kuketi kwenye kiti cha saluni, na mwaka huu aliionyesha kwa daktari wa meno, ambaye aliirudisha chupa ya ganzi aliyokuwa ameishika na kuchukua nyingine. Kabla ya Idi iliyopita aliniomba nimkandie hina. Niliikanda jioni, akapakwa asubuhi viganja tu, akakaa nayo hadi alasiri, na usiku ule mikono yake ilikuwa ya rangi ya chungwa. "Mama mdogo, kesho itaiva," aliniambia, akavaa soksi mikononi akaenda kulala.